Fishi ya Mbolea

Baba yangu alikuwa akipita ofisini kwetu Sake kila siku ya soko, bidoni ya maziwa ikiwa tupu mkononi na swali lake likiwa lile lile. Haketi. Anasimama mlangoni, kofia kichwani, buti zina tope la milimani, anauliza:

"Leo muko wapi?"

"Tungali ku filozofia, papa."

"Na mbolea?"

"Mbolea ingali mbali."

Anaguna, anamsalimia Mama Shefu, mkubwa wangu wa kazi, kwa adabu zote, halafu anaondoka kutafuta moto, yaani pikipiki, ya kumrudisha mlimani. Siku ya soko inayofuata, yuko tena mlangoni.

Alikuwa akiulizia fishi. Kule kwetu Masisi, juu ya barabara ya kwenda Kalembe, kuna shule ya kilimo yenye maktaba ya zamani, na maktaba ile ina kabati la droo ndogo ndogo zilizojaa kadi. Sisi tunaziita fishi, kila kitabu na yake. Mchwa walikwisha kuonja miguu ya kabati, na shule ikaamua kwamba fishi zote ziingie kwenye kompyuta kabla mchwa hawajapanda ghorofani. Mwalimu mmoja wa pale akawa anazipiga picha kwa simu yake, moja moja, anapanda hadi kwenye mgongo wa kilima ambako mtandao unashika, anatutumia. Mimi niko Sake, mbele ya mashine, ninaangalia picha na kuandika ninachokiona. Mama Shefu, aliyesomea mambo ya maktaba na hakubali mzaha kazini, anapitia nyuma yangu mstari kwa mstari.

Baba ndiye aliyenisukuma niombe kazi hiyo. Aliniambia nina vidole vyepesi, nina macho mazuri, na kazi ya kuketi haimfai mtu mwingine yeyote katika ukoo wetu. Nilifurahi sana kusifiwa, maana baba husifu ng'ombe kuliko watoto. Kumbe alikuwa anajitafutia mpelelezi.

Niseme kwanza fishi inavyokaa. Pembeni juu, kushoto, kuna koti, yaani namba inayosema kitabu kinakaa rafu gani, na chini yake herufi tatu za mwanzo za jina la mwandishi. Kisha mwandishi mwenyewe, jina la ukoo kwa herufi kubwa, mkato, halafu jina lake jingine. Chini, kichwa cha kitabu. Chini tena, mstari wa mchapishaji: mji, nyumba ya uchapaji, mwaka. Kama mwaka haujulikani wameweka s.d., na usijitie ujuzi wa kuujaza. Kama mwenye maktaba aliukisia, ameutia ndani ya mabano ya mraba, na mabano hayo unayaandika pia, kwa sababu ndiyo yanayosema kwamba hapa mtu alikisia. Mashine yao ya zamani ya kupigia chapa haikuwa na tarakimu ya moja, walipiga herufi ya el ndogo mahali pake, na mwanzoni nilikuwa ninaona miaka ya ajabu kabisa. Katikati chini kuna tundu la kupitishia chuma kinachoshika fishi zote ndani ya droo, ili asitokee mjanja akanyofoa moja na kwenda nayo.

Hayo yote yana safu zake kwenye mashine. Safu ya mwisho ni ya maandishi ya mkono. Mahali pengine, safu hiyo hubaki karibu tupu: nakala ya pili, namba ya kuingilia, basi. Kwetu ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote.

Kwa sababu padri aliyeanzisha maktaba ile alichukia kitu kimoja, kuandika ndani ya vitabu. Wakulima na wafugaji walikuwa wanaazima, wanarudisha, na kila kitabu kilirudi kimeandikwa pembeni kwa kalamu ya bluu. Siku moja akasimama mbele ya watu, nao wanamkumbuka hivyo hadi leo, akasema mwenye neno na kitabu aende kuliandika kwenye fishi yake. Nadhani alitaka kuwanyamazisha. Watu wakashukuru, wakachukua kalamu. Tangu hapo fishi zetu zikawa na mazungumzo. Kwenye ya ufugaji wa nyuki mtu ameandika, "Nyuki wa hapa hawajasoma hii." Kwenye ya ndoa ya Kikristo mtu mwingine ameandika, "Bibi yangu ameazima, hajarudisha." Nilikuwa ninacheka peke yangu mbele ya mashine hadi Mama Shefu ananitazama juu ya miwani.

"Andika vile iko," ananiambia. "Kucheka hakuna safu."

Sasa fishi ya baba. Baba ni mfugaji. Tuna ng'ombe, si wengi, na tunauza maziwa. Chini ya malisho yetu palikuwa na shamba la jirani mkulima, maharage na viazi, mtu mrefu mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya bonde. Kwetu mfugaji na mkulima wakiwa na mpaka mmoja, watu hungojea ugomvi kama wanavyongoja mvua. Hawa wawili waliwakatisha tamaa. Ng'ombe wa baba akiingia kwenye maharage, jirani alimrudisha huku anamtania, na jioni bakuli la maziwa lilishuka kuomba radhi. Walikuwa wakienda maktaba pamoja Jumapili baada ya misa, na waliazima kwa zamu kitabu kimoja cha mbolea ya wanyama.

Ilikuwa mbolea hiyo hiyo iliyowatenganisha. Msimu mmoja baba alimpa jirani samadi bure, lundo zima, akamwambia ailaze kwanza hadi iive. Jirani alikuwa na haraka na mvua. Akaimwaga mbichi, akapanda juu yake, na maharage yakaungua kabla hayajainua shingo. Kwa hasira akasema sokoni, mbele ya wanunuzi wa maziwa, kwamba mavi ya ng'ombe wa mzee yule yanachoma. Baba hakumjibu sokoni. Alipanda hadi maktaba, akaivuta droo, akaandika jibu lake kwenye fishi ya kile kitabu. Kisha akangoja.

Lakini kabla hajarudi kusoma jibu, mambo ya mlimani yaliharibika, kama yanavyoharibika kwetu, na maktaba ikafungwa. Jirani akachukua watu wake akapita Kalembe akaingia Walikale, hadi Itebero, kwenye msitu, kwa wakwe zake. Baba alibaki na ng'ombe waliobaki. Miaka ikapita. Utulivu uliporudi kiasi, jirani hakurudi.

Namba yake ya simu baba alikuwa nayo. Hilo ndilo lililokuwa likinichosha. Niliiona mwenyewe kwenye simu yake, imeandikwa "Jirani".

"Papa, kwa nini humupigie tu?"

"Nimupigie niseme nini?"

"Umusalimie."

"Mimi njo niliandika wa mwisho. Zamu iko yake."

"Zamu ya nini, papa? Ya karata?"

"Ya kujibu. Muntu akikusema vibaya ku soko, na weye umemuonyesha page ya kitabu, haumufuate tena nyuma. Atajibu ao hatajibu. Kama hakujibu, nitajua kama urafiki ilikuwa ya maharage tu."

Hapo sauti yake ilishuka, akageuka kumtazama ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote. Nikaelewa kwamba haikuwa kiburi peke yake. Baba alikuwa anaogopa. Katika droo ile iliyofungwa palikuwa na rafiki, au hapakuwa na mtu, na yeye hakutaka kujua kwa njia ya simu.

Na sasa droo zilikuwa zimefunguliwa, ila mwalimu haruhusu mtu kuzigusa hadi amalize picha, asije mtu akavuruga mpangilio. Kwa hiyo baba alinitegemea mimi, nami niliitegemea namba. Picha zilikuja kwa utaratibu wa koti. Mbolea ya wanyama ni 631.86. Ili kufika mia sita, lazima upite filozofia, upite dini, upite sheria, lugha na hesabu. Na maktaba iliyoanzishwa na padri, dini yake si kijito cha kuruka.

"Leo muko wapi?"

"Tungali ku dini, papa."

"Ile wiki ingine mulikuwa ku dini."

"Iko na fishi mingi."

"Mungu ni mumoja tu," alisema baba, "fishi mingi ya nini?"

Mama Shefu, ambaye hakucheka hata kwa fishi ya ndoa, aliinama ghafla kutafuta kitu chini ya meza. Alikitafuta kwa muda.

Tukafika. Asubuhi moja ya siku ya soko nilifungua picha, na pale pembeni juu, kushoto, ikawa 631.86. Nilijikaza. Niliandika koti. Niliandika herufi tatu chini yake. Mwandishi, mkato. Kichwa cha kitabu, neno kwa neno, na nukta yake. Mji, nyumba, mwaka ndani ya mabano ya mraba. Mikono ilitaka kurukia chini, lakini nilikwisha kujifunza kwamba ukirukia chini unaacha mkato juu, na Mama Shefu ataurudisha.

Kisha maandishi ya mkono. Ya kwanza yalikuwa ya mkono wa baba, ule ule unaoandika majina ya ng'ombe mlangoni kwetu, herufi zimelala upande mmoja kama majani yaliyopitiwa na upepo: "Soma page 31. Mavi ya ngombe haina kosa. Haraka haina baraka." Niliandika vile ilivyo, na ng'ombe wake wasio na alama ya juu nikawaacha hivyo hivyo.

Chini kabisa, karibu na tundu la chuma, kulikuwa na herufi nne ndogo kwa mkono mwingine. Nikaikuza picha. T.S.V.P.

Kila mtoto aliyesoma kwetu anazijua herufi hizo. Mwalimu huziweka chini ya karatasi ya mtihani: geuza, tafadhali, mbele kunaendelea. Mtu aliandika baada ya baba, nafasi ikamwishia, akageuza. Nikafungua picha inayofuata ili nione mgongo wa fishi. Picha inayofuata ilikuwa fishi ya kitabu kingine, cha mbolea ya majani.

"Mama Shefu, mugongo ya fishi iko wapi?"

"Hakuna. Nilimuambia Mwalimu asipige mugongo. Haina kitu, inakula mega za internet bure."

"Hii iko na kitu."

Akasogea, akainama kwenye kioo, akasoma. Aliponyooka, alikuwa na uso wake wa kanuni. "Siye tunaandika chenye tunaona. Unaona T.S.V.P., andika T.S.V.P."

"Niliandika. Sasa fishi yetu inamuambia muntu ageuze, na hakuna pa kugeuza. Atageuza ordinatere, hii mashine?"

Sikukusudia kuwa mkali, lakini nina ulimi wa nyumbani kwetu. Mama Shefu akavua miwani, akaifuta kwa kitenge, na nilijua nimeshinda, kwa sababu yeye huwa anafuta miwani anapokubali.

"Njo kweli," akasema. "Katalogi yenye kusema geuza, lazima igeuke. Mupigie Mwalimu."

Mwalimu naye alikuwa na shida yake. Chuma cha droo ile kilishika kutu, hakitoki, ndiyo maana alikuwa anazilaza fishi tu na kupiga uso. Akawaza, akasema atageuza droo yenyewe, azilaze upande wa pili. Ila tusubiri, kwani alikuwa darasani, na baadaye lazima apande kilimani kutafuta mtandao.

Baba akatokea mlangoni na bidoni yake tupu.

"Leo muko wapi?"

"Ku mbolea, papa."

Hakuuliza la pili. Nikamwambia yote, maandishi yake, zile herufi nne, mgongo usiopigwa. Alizisikiliza zile herufi nne kama mtu anayesikiliza matokeo ya hospitali. Na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi pale, baba alivua kofia, akaketi.

Aliketi hadi soko likaisha. Madereva wa moto waliokuwa wanapanda Masisi walikuja kumwita, akawaambia waende. Mama Shefu alimletea chai, na baba akaisifu, jambo ambalo hajawahi kuifanyia ya kwangu. Nilijaribu kuendelea na mbolea ya majani, nikaandika mji mahali pa mwandishi, nikafuta.

Simu ikalia. Picha. Mgongo wa fishi, wa kijivu, tundu moja, na mistari ya mkono ule wa herufi ndogo. Nilimsomea baba polepole, kama tunavyosomea watu barua:

"Jirani, nimesoma page 31. Iko kweli. Kosa iko yangu, na ku soko nilisema vibaya, unisamehe. Sasa kitabu inasema tuilaze mbaka iive, lakini haisemi muntu atajuaje kama imeiva. Kuuliza si ujinga. Unijibu hapa. Niko nangojea."

Nje watu walikuwa wakifunga mizigo.

"Soma tena kule ku mwisho," baba akasema.

"Niko nangojea."

Baba alishika kofia yake kwa mikono miwili. Aliikunja, akaikunjua. Nikaona macho yake yanajaa, na yangu yakajaa pia, na wakati huo huo nilikuwa ninataka kucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa, naye alikuwa ameshaelewa.

"Mama yangu," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita anapokuwa mpole. "Kumbe zamu ilikuwa yangu."

Miaka yote ile. Mmoja juu ya kilima anahesabu ng'ombe na kusema mwenzake hana shukrani, mwingine msituni Itebero anasema mwenzake hana msamaha, na namba za simu ziko mifukoni.

"Andika," baba akasema, akasimama. "Andika hapo chini jibu yangu."

"Siwezi, papa. Ninaandika tu chenye kinaonekana ku fishi."

"Mimi njo baba yako."

"Hata askofu."

Alimgeukia Mama Shefu kuomba rufaa. Mama Shefu akatikisa kichwa kwa upole, akasema kanuni ni kanuni, lakini atamwomba Mwalimu amfungulie Papa mlango wa maktaba, na ampe kalamu.

Kesho yake baba alipanda. Mwalimu alinisimulia baadaye kwamba baba alifika amevaa shati la misa. Alisimama mbele ya droo akiisoma ile fishi mwenyewe, uso na mgongo, kisha akaandika mara moja bila kufikiri, maana jibu alikuwa nalo tangu utotoni. Picha ikanifikia. Chini ya mkono wa jirani, herufi zimelala upande mmoja, maneno mawili tu: "Kuja unuse."

Kwa asiyejua: samadi ikiiva haina tena harufu ya mavi. Inanuka udongo baada ya mvua. Hakuna kitabu kitakachokuonyesha hilo, lazima pua iletwe.

Nilimwambia baba sasa apige simu, amsomee jirani jibu, mambo yaishe. Alinitazama kana kwamba nimependekeza kuuza fahali. Mambo ya fishi hayajibiwi kwa simu, alisema. Lakini akapiga. Niko karibu, nimesikia. Hakusalimu hata.

"Nilishajibu," baba akasema. "Iko ku fishi."

Na akakata.

Kutoka Itebero hadi kwetu si matembezi ya Jumapili. Kuna msitu wa kwenda kwa miguu, kuna matope, kuna moto inayokubebesha kuliko inavyokubeba. Niliona huruma, nikawa ninataka kumpigia yule mzee kwa siri nimwambie ni maneno mawili tu. Sikupiga. Nadhani nilikuwa nimeanza kuiheshimu ile zamu yao.

Tulikuwa tumefika mwisho wa droo za kilimo, tunaingia mapishi, Mwalimu alipotuma picha ambayo hatukuiomba. Ilikuwa ile fishi, mgongo wake. Chini ya "Kuja unuse", pembezoni kabisa ambako hakukubaki nafasi, mkono wa herufi ndogo ulikuwa umeongeza neno moja.

Mwalimu alitupigia kuhakikisha tumeipata. Nyuma yake nilisikia kicheko, kile cha kusikika ng'ambo ya bonde, na sauti ya baba inayomwambia mtu aweke bidoni ya mawese chini waende, lundo liko nyuma ya zizi na jua linashuka.

Mama Shefu alikuja kusimama nyuma ya kiti changu. Hakusema kitu kuhusu mega. Nikaifungua upya 631.86, nikashuka hadi safu ya mwisho, nikaandika vile ilivyo: "Nimekuja."